Majina matano ya Mwalimu

Maharusi walipokwisha kukaa, mshereheshaji alimwomba mpiga muziki azime. Si kupunguza, azime kabisa. Ilikuwa saa 1:20 usiku, keki bado haijaguswa, na wageni wengine walikuwa wanatafuta viti. Mzee wa miaka 62 aliinuka kwenye meza ya mbele. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya mfuko wa koti kwa sababu haujarudi sawasawa. Wa kushoto ulishika kadi moja ndogo. Mkewe alisimama ubavuni mwake akimshikia kipaza sauti.

"Wazazi wenzangu," alisema, kisha akanyamaza.

Ukimya ulikuwa mrefu kiasi kwamba mtu mmoja nyuma alianza kupiga makofi, akidhani hotuba imekwisha. Aliguswa bega, akaacha.

Mzee huyo ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi mkoani Morogoro. Mtaani kwao anaitwa Mwalimu tu, na hapa ataitwa hivyo kwa kuwa familia imeomba majina yasitajwe. Kwa zaidi ya miaka 30 aliita mahudhurio kila asubuhi, darasa zima, mara nyingi bila kufungua daftari. Usiku ule alikuwa na majina matano tu ya kutaja: ya baba wa bwana harusi, mama, shangazi, mshenga na babu. Alikuwa ameyafanyia mazoezi kwa wiki sita.

Mwezi Februari alipata kiharusi. Mkewe huwa anasema kwamba mwaka huo nyumba yao ilipata kiharusi na harusi, na ni yeye peke yake anayeruhusiwa kulicheka neno hilo.

Barua ya posa ilikuwa imeletwa na mshenga mwezi Januari, na siku ya familia ya kijana kuja kujitambulisha ilikwisha pangwa. Zikiwa zimebaki siku 4, Mwalimu aliamka asubuhi mdomo umepinda upande, mkono wa kulia umelegea, na alipotaka kuomba maji likatoka neno lisiloeleweka. Walimkimbiza hospitali asubuhi ileile, jambo ambalo familia nyingi hazifanyi. Wengi husubiri waone kama "itapita". Alilazwa siku 11.

Wageni kutoka Tabora walikuwa wamekwisha kata tiketi, wakaja hivyohivyo. Walibisha hodi, na aliyewakaribisha ni mdogo wake Mwalimu, yaani baba mdogo wa binti. Hawakutaja mahari. Msemaji wao alisema kwamba mgonjwa atangulie kupona, mengine yatasubiri. Mama wa kijana alikuwa amesafiri usiku kucha na ndoo ya lita 10 ya asali. Badala ya kurudi na wenzake, alibaki siku 5 akipokezana zamu wodini na mke wa Mwalimu.

Mahari ilipokelewa mwishoni mwa Mei. Mwalimu alikuwa nyumbani, ameketi sebuleni, lakini baba mdogo ndiye aliyesema kila kitu. Kwa hiyo hadi Oktoba, mwezi wa harusi, watu wale walikuwa wamebisha hodi kwake mara mbili na yeye mwenyewe hajatamka karibu.

Hilo ndilo lililomkera. Kamati ilipopendekeza kwamba hotuba ya baba isomwe na baba mdogo, aligonga meza kwa mkono wa kushoto na kusema neno moja: "Mimi."

Kwa kawaida hotuba ya baba wa bibi harusi hukaa kwenye sherehe ya kumuaga binti, kwa sababu huko ndiko upande wa mwanamke huwa mwenyeji. Kwenye harusi yenyewe mwenyeji ni upande wa mwanamume, na baba wa binti hupewa dakika chache za shukrani. Familia hizi mbili ziliamua kuunganisha sherehe zote kuwa moja, Morogoro, ili kuokoa gharama za ukumbi na nauli. Hivyo Mwalimu akawa mwenyeji wa kila mtu, na watu 34 waliotoka Tabora wakawa wageni wake. Hapo kukaribisha kulikuwa ni wajibu wake, na kama angenyamaza wageni wangeona.

Baba mdogo alikuwa amekwisha andika rasimu, kurasa 4 za karatasi ya mistari. Ilikuwa hotuba ya aina inayosikika kila Jumamosi: kuzaliwa kwa binti, shule alizosoma, shukrani kwa kamati, nasaha kwa maharusi, utani kuhusu mahari, halafu utambulisho wa ndugu 40 mmoja baada ya mwingine. Wageni wa upande wa pili walitajwa kwenye ukurasa wa mwisho, kwa mstari mmoja: "Tunawakaribisha sana wakwe zetu." Ndivyo ilivyo kwenye kumbi nyingi. Ndugu wa mwenye sherehe, ambao ukumbi mzima unawafahamu, hutambulishwa kwa dakika 20, na wale waliosafiri siku nzima hupata sentensi moja. Majina yao, yakitajwa kabisa, husomwa kwenye karatasi na mtu ambaye hajawahi kuyatamka, na yakikosewa wenyewe hutabasamu tu.

Mwalimu asingeweza kusoma kurasa 4 hata kama angetaka. Kiharusi chake kiligusa upande wa kushoto wa ubongo. Upande huo ndio unaotawala mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi ndio pia wenye kazi ya lugha. Hali iliyombakia huitwa afasia. Akili ni ileile, anakumbuka kila kitu na anaelewa kila anachoambiwa, lakini neno analolitaka haliji, au linakuja la jirani yake: anataka kikombe, anasema sahani. Maneno ya mazoea hutoka bila shida. Salamu, kuhesabu, siku za wiki, sala aliyoisali tangu utotoni, vyote hivyo viko pale pale. Kinachokwama zaidi ni majina, na majina ya watu ndiyo magumu kuliko yote, kwa sababu jina la mtu halina neno jingine la kulishikilia. Ukikosa "kikombe" unaweza kusema "kile cha kunywea chai". Jina la mama mkwe wa binti yako huwezi kulizunguka namna hiyo.

Au unaweza, kidogo. Kiswahili kina mkwe, shemeji, shangazi, babu, mzazi mwenzangu, na binti yake alimshauri atumie hayo: "Baba, sema tu shangazi, anatosha." Mwalimu alikataa. Mkewe anaeleza kwamba kwa macho yake shangazi ni cheo, na mtu anayeingia kwenye ukoo huingia kwa jina lake.

Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache sana nchini, na Mwalimu hakumpata. Aliyemsaidia ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekuwa akimfundisha kutembea, ambaye alimwonyesha mkewe mambo machache ya kufanya nyumbani. Walichapisha picha 5, moja kwa kila mtu, kubwa kiasi cha daftari. Kila asubuhi baada ya chai mke alinyanyua picha na kusubiri. Alihesabu moyoni hadi 10 bila kusema kitu, na anakiri kwamba hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko popote, kwa sababu jina liko mdomoni mwake na mumewe anamtazama. Lisipotoka, alimpa silabi ya kwanza peke yake. Mara nyingi silabi hiyo huvuta zilizobaki. Ikishindikana, wanalitamka pamoja polepole, na Mwalimu anagonga paja kwa mkono wa kushoto kila silabi inapopita.

Kugonga huko si mchezo. Mdundo husaidia baadhi ya wenye afasia kutoa maneno ambayo hayatoki kwa kusema kwa kawaida, kama vile wengine wao wanavyoweza kuimba wimbo mzima huku hawawezi kuomba chumvi. Silabi nyingi za Kiswahili, na za majina mengi ya Kinyamwezi pia, huishia kwa irabu, kwa hiyo kila moja hupata pigo lake bila kugombana na nyingine.

Baada ya wiki mbili majina matatu yalikuwa yanatoka. Hapo mke akagundua kosa walilofanya. Mazoezi yote yalikuwa ya asubuhi, na hotuba ni usiku. Walijaribu saa 3 usiku, saa ambayo ratiba ya kamati ilikuwa imempa, na yote matano yalipotea. Hata "wazazi wenzangu" ilimchukua muda. Uchovu humnyang'anya mtu wa namna hii maneno kabla haujamnyang'anya nguvu za miguu, na hilo ndilo jambo ambalo kamati za harusi haziwezi kulijua zisipoambiwa.

Kwa hiyo waliambiwa. Mshereheshaji alilalamika kidogo. Hotuba ya baba ni kama chakula, alisema, haiwezi kuja kabla watu hawajachangamka. Mwishowe ratiba ikabadilishwa. Maharusi waingie mapema, wakae, na Mwalimu azungumze hapohapo. Baada ya kanisani hakwenda kupiga picha. Alirudi nyumbani, akameza vidonge vyake vya presha kwa saa yake, akalala saa 2. Mshereheshaji alipewa masharti mawili: muziki uzimwe, na asije akamsaidia kumalizia neno hata ukimya uwe mrefu namna gani. Hilo la pili, anasema mwenyewe, lilikuwa kinyume na kazi yake yote.

Kisha palibaki suala la nini kisemwe. Baba mdogo alileta kurasa zake 4, na Mwalimu, akiwa na kalamu nyekundu kwenye mkono wa kushoto, alizisahihisha kama madaftari ya darasa la nne. Kuzaliwa kwa binti, alikata. Shule, alikata. Shukrani kwa kamati, aliandika pembeni kwa herufi zilizolala "WEWE", yaani azitoe baba mdogo baadaye. Nasaha kwa maharusi alizikata pia, na hapo palikuwa na ubishi, kwa kuwa baba asiyemwusia binti yake mbele ya watu huonekana kama amesahau. Binti ndiye aliyemtetea. Alisema baba amekwisha mwusia, nyumbani, kwa siku nyingi na kwa shida kubwa.

Utani wa mahari alikata bila kujadiliwa, na hilo pengine lingewafaa akina baba wengi wenye afya zao. Kusema kwenye kipaza sauti kwamba "wamebakiza ng'ombe wawili" huchekesha meza za nyuma. Kwenye meza ya wakwe humwacha mtu mmoja anaangalia sahani.

Utani mwingine aliubakiza. Mwalimu ni Mzigua na wageni ni Wanyamwezi, na makabila hayo ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakipita na mizigo kwenda Sadani, Pangani na Bagamoyo. Mtani anaweza kukutania hadi kwenye msiba, na ndiye huyohuyo anayeshika kazi za msiba wakati wenyewe wanalia. Kukaribisha watani bila kuwatania kungekuwa ni kuwafanya wageni kweli.

Kilichobaki kilijaa kwenye kadi moja. Kisomwe kwa kasi ya kawaida hakifiki dakika moja na nusu. Mwalimu alitumia dakika 7.

"Wazazi wenzangu," alirudia, baada ya yule wa nyuma kuacha kupiga makofi. "Mlibisha hodi. Sikuwapo. Nilikuwa nimelala. Leo nipo. Karibuni."

Neno hilo la mwisho lilitoka kwa nguvu kuliko alivyokusudia, na kipaza sauti kikalia. Watu walicheka, naye akacheka, na mkewe anasema pale ndipo yeye mwenyewe alipoanza kupumua.

Mwalimu aliiacha meza na kuwafuata wageni walipokaa. Hili walikuwa wamelipanga: kusimama mbele ya mtu, kumshika mkono, kumtazama usoni, kwa kuwa uso ndio picha aliyoifanyia mazoezi. Baba wa bwana harusi aliinuka. Vidole vya Mwalimu vikamgonga kiganjani mara nne, na jina likatoka lote. La mama likafuata, bila kusaidiwa. Hapo aliongeza sentensi zilizokuwa kwenye kadi.

"Ulikuja na asali. Hukuuliza harusi. Uliniuguza." Akameza mate. "Watani, asali nimeimaliza. Ndoo sirudishi."

Meza zote za Tabora zililipuka. Ilibidi asubiri watulie, na kusubiri huko kulimgharimu. Alipofika kwa shangazi, likatoka jina la mkewe mwenyewe. Alijua amekosea, alitikisa kichwa, akajaribu tena, likatoka lilelile. Mkewe alimnong'oneza silabi ya kwanza. Halikuja. Mshereheshaji alipiga hatua moja mbele, akasimama. Shangazi, mama mtu mzima aliyevaa kitenge cha zambarau, hakumsaidia wala hakuangalia pembeni. Alibaki amemshika mkono kama mtu aliye na siku nzima. Mwalimu akaanza kugonga kiganja chake, pigo, pigo, pigo, na jina likatoka kwenye pigo la tatu. Vigelegele vilivyopigwa vilitoka upande wa Wazigua.

Jina la mshenga lilitoka kwa urahisi. Huyo alikuwa amefika nyumbani mara nyingi.

La babu halikutoka kabisa. Lilikuwa refu kuliko yote, silabi sita, na lilikuwa limemsumbua hata siku za mwisho za mazoezi. Alijaribu kugonga, akajaribu silabi ya kwanza, akaitazama kadi na maandishi yakamkatalia. Hatimaye aliigeuza kadi na kumwonyesha mzee mwenzake. Babu alivaa miwani, akasoma, akavuta kipaza sauti na kulitamka jina lake mwenyewe mbele ya ukumbi, silabi zote sita. Kisha akasema, "Ndilo hilo. Endelea, mwanangu."

Zilibaki sentensi nne. Mwalimu alizisema akiwa bado amesimama pale, amemshika babu mkono.

"Watu watasema nimetoa binti. Nimepata ndugu. Siku tukiwa na msiba, msikae na wageni. Kaeni na wafiwa."

Waliokuwa meza za vijana hawakulielewa mara moja, na wengine walishangaa kusikia neno msiba kwenye harusi. Wazee walilielewa. Msibani kila mtu hujua mahali pake: wageni hukaa nje kwenye viti vya kukodi, wafiwa hukaa ndani kwenye mkeka, na anayepewa nafasi mkekani ndiye atakayeulizwa mazishi yawe lini, nani apigiwe simu, na deni la marehemu nani alibebe. Kumwambia mtu akae na wafiwa ni kumpa haki ya kuulizwa, na mzigo wa kuchangia. Baba wa bwana harusi, ambaye alikuwa ameandaa majibu ya heshima ya ukurasa mzima, aliyakunja na kuyarudisha mfukoni. Alisema tu kwamba wamesikia, na kwamba nao wana mkeka Tabora.

Mwalimu aliketi. Hakusema neno jingine hadi asubuhi; hayakuwepo tena. Kufikia saa 3 alikuwa amerudishwa nyumbani kulala, na sherehe ikaendelea bila yeye. Keki aliwekewa.

Sasa kila Jumapili jioni anampigia simu babu wa Tabora. Mkewe anabonyeza namba, kisha anatoka chumbani kwa sababu amepigwa marufuku kusaidia. Mazungumzo yenyewe ni mafupi, mengi ni salamu, na salamu hazimsumbui. Jumapili ya tatu baada ya harusi simu ilipopokelewa, kabla hajajua anasema nini, silabi zote sita zilitoka kwa mkupuo mmoja. Babu alinyamaza kidogo, kisha akamwambia amechelewa, watu wamekwisha kula na kuondoka.

Halafu akamuuliza habari za ile ndoo.